Slipingi begi kwenye picha: litafaa kulalia Barafu?

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Picha moja ya slipingi begi limetandazwa juu ya turubai sokoni Memorial, halafu swali: "Shikamoo kaka, hili litafaa Barafu?" Wanamaanisha Kambi ya Barafu, juu mlimani. Wanaouliza wengi ni wagumu wapya, wapagazi vijana wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza na mzigo wa mgeni mgongoni. Wanajua natunza stoo ya vifaa vya kukodisha hapa Moshi na kwamba mabegi haya nayashika kila siku. Muuzaji amewaambia ni "la baridi kali". Wana dakika chache za kuamua kabla mwingine hajalichukua, na pesa waliyo nayo inatosha begi moja tu.

Picha inaweza kujibu swali hilo kwa sehemu kubwa, ila siyo ile picha ya kwanza. Na kabla sijalitazama begi, huwa naanza na baridi yenyewe. Kusema begi lina joto hakusaidii kitu kama hujui linakwenda kupambana na nyuzi ngapi.

Hesabu yake ni rahisi. Moshi mjini tuko kwenye mwinuko wa kama mita 850, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 16. Ukipanda mlima, kila mita 100 zinapunguza takriban nyuzi 0.6. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopita njia ya Machame, iko mita 4,673. Tofauti ni zaidi ya mita 3,800, yaani karibu nyuzi 23 zinaondoka. Kumi na sita ukitoa ishirini na tatu unapata hasi 7. Huo ni usiku wa kawaida. Usiku wa anga lisilo na wingu, au wenye upepo wa kutoka juu, unaweza kushuka zaidi. Kwa hesabu hiyohiyo, Kambi ya Machame, karibu mita 3,000, inakuja kwenye nyuzi 3, na Shira, mita 3,840, inafika hasi 2.

Kuna jambo ambalo wageni hawalijui, na hata baadhi ya kampuni hazilifikirii zinapogawa vifaa. Mgeni hapo Barafu halali usiku mzima. Anakula mapema, anajinyoosha saa chache, na kufika saa sita usiku ameshavaa kila alicho nacho anaelekea kileleni. Saa za baridi kuliko zote, zile za kati ya saa tisa na alfajiri, zinamkuta anatembea. Anayezimaliza ndani ya hema ni mgumu. Kwa hiyo begi la mgumu linatakiwa liwe na joto kuliko la mgeni, wakati mara nyingi mambo yako kinyume. Ndiyo maana maswali haya siyajibu kwa haraka.

Nichukue picha moja iliyonifikia mwaka huu, kwa sababu ina karibu kila kitu. Begi la buluu iliyokolea, umbo la maiti kama tunavyoliita, pana mabegani na jembamba miguuni, lina kofia, na nembo ya kampuni ya nje inayofahamika. Kijana aliyeituma alikuwa na uhakika kwa sababu ya ile nembo. Mimi nembo naitazama mwisho. Kampuni hiyohiyo hutengeneza begi la kulalia ufukweni na begi la kupandia Himalaya, na yote mawili yanaweza kuwa na rangi moja. Jina la toleo nalo hudumu miaka mingi huku kilichomo ndani kikibadilishwa mara kadhaa.

Umbo ndilo lilinipa taarifa ya kwanza ya kweli. Begi la mstatili lisilo na kofia ningelikataa palepale kwa Barafu, kwa sababu mabegani linabaki wazi na miguuni linaacha nafasi kubwa ambayo mwili unapaswa kuipasha joto bure. Hili lilikuwa na kofia yenye kamba ya kukaza. Nikaanza kutafuta kola, ile shingo nene iliyoshonwa kwa ndani usawa wa kifua ili hewa ya moto isitoroke kila unapogeuka. Haikuwepo. Mabegi yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi ya chini sana ya sifuri karibu yote yana kola. Begi lenye kofia lakini halina kola kwa kawaida ni la karibu na sifuri, juu kidogo au chini kidogo. Kwa hiyo kabla sijauliza chochote, tayari nilikuwa na wasiwasi.

Baada ya hapo natazama mishono. Begi la manyoya ya bata hukatwa vyumba vyembamba vinavyopita kwa upana wa mwili, na kila chumba kimetuna. Begi la pamba ya poliesta huwa na mishono michache iliyo mbalimbali, na uso wake ni tambarare zaidi. Hili la buluu lilikuwa tambarare, mishono michache: poliesta. Kwetu hilo siyo baya hata kidogo. Mvua ya msituni ikililowesha, poliesta bado inashika joto kiasi, wakati manyoya yaliyolowa hujikusanya na kuwa uvimbe usio na kazi.

Kitu kingine cha kutazama ni kama mshono umepenya kutoka nje hadi ndani. Mwombe muuzaji afungue zipu na upigiwe picha ya ndani. Kama mistari ya ndani imekaa palepale ilipo ya nje, maana yake kitambaa cha nje na cha ndani vimeshonwa pamoja, na kila mstari ni mahali ambapo hakuna kitu kati yako na baridi. Kama mistari ya ndani na ya nje haikutani, kuna matabaka mawili yaliyopishanishwa, na begi hilo lilitengenezwa na mtu aliyekuwa anafikiria usiku wa baridi. Picha ya pili ya kijana ilionyesha mistari isiyokutana. Nikaliongezea begi alama.

Picha ya tatu niliyoomba ni ya kitambulisho, kile kipande cha kitambaa cheupe chenye maandishi madogo. Wauzaji wengi hawajui kama kipo. Kitafute kwa ndani, kwenye mshono wa pembeni, karibu na miguu au chini ya zipu. Mwambie anayepiga picha akikunjue kwa vidole viwili, asitumie mwanga wa simu kwa karibu maana maandishi yanafutika pichani, na apige pande zote mbili. Cha kijana kilikuwa kimefifia, ila kilisomeka: poliesta asilimia mia, herufi RN zikifuatiwa na namba, urefu 6'0", na juu, kwa maandishi makubwa, 20° bila herufi yoyote mbele yake.

Namba ishirini hiyo ndiyo inayowaponza watu. Muuzaji alikuwa akisema ni "digrii ishirini za baridi", kwamba linahimili hasi 20. Sivyo. RN ni namba ya usajili ambayo wafanyabiashara wa nguo wa Marekani hupewa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya huko, FTC. Ukiiandika kwenye rejesta yao mtandaoni inakupa jina la kampuni, hata kama nembo ilishabanduka. Urefu wa futi na inchi nao ni wa Marekani. Kwa hiyo begi hili liliuzwa kwa mara ya kwanza kwa Wamarekani, na joto lao wanalipima kwa Farenhaiti. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Ishirini ukitoa 32 ni hasi 12, mara 5 ni hasi 60, ukigawanya kwa 9 unapata karibu hasi 7 za Selsiasi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye begi lililoandikwa 0°. Likiwa la Ulaya, hiyo ni sifuri yetu, maji yanapoganda. Likiwa la Marekani, ni hasi 18. Begi moja halitakutosha hata Shira, jingine linakutosha mlima mzima, na ukitazama ile sifuri tu huwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana naomba kitambulisho chote na siyo namba peke yake: RN, futi na inchi, uzito kwa paundi vinaelekeza Marekani, sentimita na gramu peke yake vinaelekeza Ulaya.

Kijana alifurahi. Hasi 7 na Barafu ni hasi 7, basi imekwisha. Nikamwambia asubiri, kwa sababu hatujajua ni hasi 7 ya nani.

Mwaka 2002 Ulaya ilipitisha kiwango kinachoitwa EN 13537, na mwaka 2016 kikafuatiwa na cha kimataifa, ISO 23537. Begi linavalishwa mwanasesere mwenye vipasha joto na vipimo mwilini, amevaa nguo nyepesi za ndani, amelazwa juu ya godoro la kambi, ndani ya chumba cha baridi. Matokeo yake ni namba tatu ambazo utaziona kwenye mabegi mapya zimechorwa kama mstari wenye rangi. Ya kwanza ni ya starehe: mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya pili ni ya kikomo: mwanamume wa kawaida analala kwa muda wa saa 8 akiwa amejikunja na haamshwi na baridi. Ya tatu ni ya hatari: mwanamke anaweza kumaliza saa 6 bila kufa kwa baridi, lakini anaweza kuumia vidole. Kati ya starehe na kikomo mara nyingi kuna nyuzi 5 au 6. Ile ya tatu inakwenda mbali sana chini, na ndiyo wauzaji wanayoipenda kwa sababu ni kubwa. Mtu akikuonyesha begi la "hasi 25" lililo jembamba kama kanga mbili, ujue amekusomea namba ya kutokufa.

Kitambulisho cha kijana hakikuwa na mstari wowote wa rangi, kulikuwa na ishirini peke yake. Hiyo inamaanisha ama begi ni la kabla viwango havijaenea, ama kampuni ilijipimia yenyewe. Katika hali hiyo namba niliyopewa naichukua kuwa ya kikomo, tena kikomo chenye matumaini. Kwa hiyo starehe yake lilipokuwa jipya ilikuwa karibu hasi 1. Lilipokuwa jipya, nasisitiza, kwa sababu begi la mtumba lina historia. Poliesta iliyofungwa miaka ndani ya mfuko wake mdogo hukandamizwa na nyuzi zake huvunjika. Manyoya ukiyafua vizuri na kuyakausha polepole hurudisha uvimbe wake mwingi. Poliesta iliyokufa hairudi.

Basi ikabaki picha ya nne, na hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Begi likung'utwe kwa nguvu, litandazwe mahali tambarare na zipu imefungwa, liachwe nusu saa lijaze hewa bila kuguswa. Halafu rula isimamishwe kando yake usawa wa kifua, na picha ipigwe kwa ubavu, simu ikiwa chini kabisa usawa wa sakafu. Ukipiga kutoka juu, begi lolote linaonekana nene. Kama hakuna rula, simamisha chupa ya soda kando yake, nitapima kwa chupa, maana urefu wake naujua. Kijana alikuwa bado sokoni, akaazima rula kwa fundi cherehani wa jirani. Picha ikaja: sentimita 8 kutoka chini hadi juu.

Nane hiyo ni tabaka mbili, la juu na la chini. La chini ukililalia linabonyea na kazi yake inachukuliwa na godoro. Linalokupa joto ni la juu, yaani sentimita 4. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima inayolinganisha unene huo na baridi: sentimita 4 juu yako zinakufikisha karibu nyuzi 4, sentimita 5 zinakufikisha hasi 7, na zaidi kidogo ya 6 zinafika hasi 18. Ni kanuni ya kukadiria, na inamhesabu mtu aliyeshiba na kupumzika. Mgumu aliyebeba kilo 20 kutwa nzima kwenye hewa nyembamba hayuko hivyo, mwili wake unatoa joto kidogo. Lakini unene haudanganyi kama kitambulisho. Begi hili lilizaliwa likiwa na kama sentimita 5 juu, sasa lina 4. Sentimita moja iliyopotea ni nyuzi zaidi ya kumi.

Nilimjibu hivi, karibu neno kwa neno: "Mdogo wangu, hilo ni begi la nyuzi 3 au 4. Kambi ya Machame utalala vizuri. Shira utalala umevaa. Barafu hutalala." Aliuliza kama akiongeza blanketi. Inategemea. Blanketi la flisi ndani ya begi linaongeza nyuzi chache, na kulala na sweta na soksi kavu kunaongeza nyingine, lakini pengo lililokuwepo lilikuwa la nyuzi kama kumi, na kila unachoingiza ndani kikikubana kinakandamiza ile pamba kutoka ndani na kukupunguzia tena. Pengo la nyuzi 4 ningemwambia anunue na aongeze blanketi. La kumi hapana.

Hema watu huliuliza pia, na kwa hilo picha inatoa jibu fupi zaidi. Tazama kama turubai la nje linafika chini karibu na ardhi na kama la ndani ni la wavu mtupu. Hema la wavu ni la nchi ya joto. Barafu upepo utapita juu yako usiku kucha. Lakini hema lenyewe haliongezi joto kubwa, linazuia upepo, na lile kubwa la kulia chakula, ambamo wagumu wengi hulazwa, karibu halipashi kitu. Namba ya begi usiipunguze kwa sababu ya hema.

Kwa mabegi ya manyoya naomba picha moja zaidi, ya gizani. Washa tochi ya simu, iingize ndani ya begi, ufunge, halafu mwingine apige picha kutoka nje. Kama kitambaa ni chepesi, utaona kila kitu: mahali penye manyoya ya kutosha mwanga unafifia sawasawa, palipo na madonge panakuwa na vivuli vyeusi, na palipo patupu panang'aa. Nimeona begi zuri la Ulaya lililokuwa tupu kabisa kifuani na miguuni limejaa, manyoya yote yametelemka baada ya kuta za vyumba kuchanika kwa kufuliwa ovyo. Kwa picha ya mchana lilionekana jipya. Harufu tu ndiyo picha haiwezi kunipa. Manyoya yaliyooza hunuka uvundo hata yakiwa makavu, kwa hiyo anayepiga picha lazima anuse kwa niaba yangu na aniambie ukweli.

Kijana aliliacha lile la buluu. Siku iliyofuata akanitumia jingine, la kijani, limefifia na halina nembo, la bei ya chini kuliko la kwanza kwa sababu halikupendeza. Safari hii alituma picha zote bila kuombwa. Kola ilikuwepo, nene. Mistari ya ndani na ya nje haikukutana. Kitambulisho kilikuwa na mstari wa rangi na namba za Selsiasi: starehe hasi 4, kikomo hasi 10. Rula ilisoma sentimita 11 kifuani, yaani tano na nusu juu, na kwa kanuni ile hiyo ni karibu hasi 10 au 11, jirani kabisa na kikomo cha kitambulisho. Vipimo viwili vilivyotoka njia tofauti vikikubaliana hivyo, naacha kuhoji. Kwa Barafu ya hasi 7, akiwa na suruali ya joto, kofia ya sufu na blanketi lake la flisi, linamtosha, na usiku mbaya atausikia bila kuumia.

Nilimwambia pesa aliyookoa aiweke kwenye godoro, kwa sababu namba zote hizo zinadhani kuna kitu chini yako na ardhi ya Barafu ni mawe matupu. Godoro la sponji ngumu la sentimita moja, mawili yakipandishwa ni bora zaidi. Na kabla hajalipa, aifunge zipu kutoka miguuni hadi shingoni mara tatu mfululizo, mara moja kati ya hizo akiwa ndani amelala, kwa mkono mmoja.